Majibu ya kipimo chako cha vitamini B12

Mpendwa Bi. Rehema,

Majibu ya damu yako yametoka. Kobalamini, yaani vitamini B12, ni pikogramu 132 kwa mililita. Maabara yetu huhesabu chini ya 200 kuwa ni upungufu. Asidi ya methilimaloniki, ambayo hurundikana seli zinapokosa B12, imefika mikromoli 0.92 kwa lita, ilhali haikupaswa kuzidi 0.40. Vipimo hivyo viwili vikikubaliana hivi, sina shaka: akiba yako imekwisha.

Himoglobini iko sawa, lakini naomba isikupe faraja. Majani na kunde unazokula zina foleti nyingi, nayo huweza kuficha upungufu wa damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuumia.

Uliniuliza imekuwaje miaka sita bila nyama, samaki, mayai wala maziwa ipite salama. Mwili wa mtu mzima huweka akiba ya miligramu 2 hadi 5, sehemu kubwa ikiwa kwenye ini, na mahitaji ya siku ni mikrogramu 2.4 tu. Isitoshe, B12 inayoshuka na nyongo hufyonzwa tena utumboni. Ndiyo maana ghala huisha polepole, kimyakimya. Spirulina haikulijaza: ina kitu kinachofanana na B12 ambacho mwili hauwezi kukitumia. Unga wa kwenye smuthi yako ya asubuhi hauhesabiki kabisa.

Kuanzia kesho, meza kidonge kimoja cha sianokobalamini cha mikrogramu 1,000 kila siku kwa wiki 12. Usishtushwe na ukubwa wa dozi. Protini ya tumboni inayobeba B12 hutosheka na mikrogramu 1.5 hadi 2 kwa mara moja; inayobaki hupenya yenyewe kwa kiasi cha asilimia 1. Kwa hiyo katika zile 1,000, zinazoingia ni kama 12. Baada ya wiki 12, utameza 1,000 kila Jumatatu na Alhamisi, muda wote utakaoendelea na mlo huu. Ukisahau siku moja, endelea tu kesho yake.

Sianokobalamini yenyewe hutengenezwa na bakteria, haitoki kwa mnyama. Angalia viambato vingine: kapsuli nyingi ni za jelatini, na baadhi ya vidonge vina laktosi. Asidi ya foliki usiimeze peke yake.

Wiki ya 12 tutarudia asidi ya methilimaloniki. B12 ya kwenye damu hupanda upesi ukianza vidonge, hivyo haitatuonyesha kama seli zimepona.

Kwa sasa huna ganzi, na ndiyo sababu nimeridhika na vidonge. Miguu ikianza kufa ganzi au kuchomachoma, ukiyumba gizani, au kumbukumbu ikipungua, usisubiri miadi: nenda kwa daktari siku hiyohiyo, kwani hapo utahitaji sindano.

Wako,
Zuhura
Mtaalamu wa Lishe