Njoo Kesho: tangazo la katuni, sekunde 30

SEKUNDE 0–8
Dada amesimama mlangoni kwa fundi, amekumbatia kitenge. Kalenda ukutani inachanika yenyewe: Jumatatu, Jumanne, Jumatano.
FUNDI (haonekani): Njoo kesho, dada.
DADA: Kesho tena? Harusi ni Jumamosi!

SEKUNDE 8–22
Kitenge kinamponyoka, kinapaa juu ya mapaa ya Kariakoo, kinatua kwenye cherehani. Futi ya kupimia inamzunguka dada kiunoni. Muziki unafuata mlio wa cherehani.
MSIMULIAJI: Sindano Ushonaji tunakupima vizuri, na siku ya kuchukua tunakuandikia kwenye risiti. Unakuja kujaribu kabla hatujamalizia. Gauni la kitenge, siku 3 tu. Tukichelewa, hulipi ufundi!

SEKUNDE 22–30
Dada anazunguka mbele ya kioo. Vigelegele.
DADA: Jamani, limenikaa!
MSIMULIAJI: Leta kitambaa chako leo. Sindano Ushonaji, Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni.
Maandishi kwenye skrini: LETA KITAMBAA LEO.