Malalamiko: friji mlilojaza gesi mara mbili na bado haligandishi

Habari za kazi, naomba hii ifike kwa meneja wa huduma kwa wateja, sio irudi tena kwa yule dada wa kwenye simu maana yeye kila nikipiga ananiambia "tunalishughulikia" na simu inaishia hapo.

Friji la milango miwili nililinunua kwenu tarehe 4 Machi mwaka huu, waranti mwaka mmoja, risiti na picha ya kile kistika cha nyuma chenye serial namba nimeziambatanisha. Mwezi wa Mei likaacha kugandisha, taa inawaka, kompresa inanguruma mchana na usiku bila kupumzika, ila maziwa yanachacha. Fundi wenu akaja, akasema gesi imeisha, akajaza akaondoka. Likafanya kazi kama wiki tatu hivi likarudi kulekule, akaja tena, akajaza tena, na sasa hivi naandika hapa liko vilevile.

Mimi sio fundi lakini hili halihitaji ufundi: gesi ya friji haitumiki ikaisha kama gesi ya kupikia, inazunguka kwenye paipu zilizofungwa, kwahiyo ikipungua ina maana inavuja mahali. Fundi wenu hakuweka presha kwenye paipu, hakupaka hata povu la sabuni kwenye maungio aone panapotoka mapovu, alikuja na mtungi tu. Na kompresa ikizunguka muda wote hivyo mwisho inaungua, halafu najua mtaniambia ni umeme wa nyumbani kwangu. Nasema mapema, stebilaiza ninayo tangu siku ya kwanza na fundi wenu aliiona mwenyewe.

Ninachotaka ni hivi. Mje mtafute panapovuja, mpazibe, na mniandikie kwenye karatasi mlichokuta na mlichofanya, sababu zile ziara mbili za mwanzo sikuachiwa hata kikaratasi. Kama inavuja ndani ya ukuta wa friji, huko kwenye lile povu gumu la kuzuia joto pasipofikika, basi msihangaike kulipasua, nipeni lingine jipya la aina hiyohiyo au mnirudishie hela yote iliyo kwenye risiti. Gesi ya mara ya tatu sipokei, fundi akija na mtungi peke yake atarudi nao. Na muda ambao friji limekaa bovu uongezwe kwenye waranti, mimi sijalitumia.

Nawapa siku 14 kuanzia leo tarehe 2 Julai, majibu yaje kwa maandishi kwenye hii hii imeili. Zikipita kimya nalipeleka suala hili kwa mamlaka ya kulinda watumiaji pamoja na meseji zote tulizoandikiana, nimezihifadhi.

Nyumbani napatikana jioni na jumamosi kutwa, namba yangu ni ileile mliyoandika kwenye risiti.

Mteja wenu