Haki na wajibu wetu shambani: Sheria ya Ajira kwa lugha ya wachumaji wa chai

Kamweneni wote wa ngwe za juu, ngwe za bonde na kiwandani.

Karatasi hii nimeiandika nikiwa katibu wa tawi, ibandikwe pale penye mzani na isomwe kwa sauti wakati wa mapumziko, kwa sababu wengi wetu tunachuma kwa macho makali lakini maandishi madogo yanatushinda. Ni muhtasari wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Sikuipunguza pale penye siku na penye neno "lazima". Nilipoandika "lazima", sheria imeamuru. Nilipoandika "anaweza", ni hiari. Msiyachanganye, maana nusu ya ugomvi unaoletwa ofisini kwangu unaanzia hapo.

Kwanza niondoe uvumi. Kulipwa kwa kilo hakukutoi kwenye sheria hii. Kuwa mtu wa msimu hakukutoi. Aliyekuja Mufindi juzi kwa basi kutoka Makete na aliyezaliwa hapa kambini, wote ni waajiriwa.

MKATABA

Unapoanza kazi, mwajiri lazima akupe maelezo ya ajira kwa maandishi: jina lako, ulipoajiriwa, kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, na malipo pamoja na namna yanavyopigwa hesabu. Kwetu hilo la mwisho ndilo roho ya mambo: bei ya kilo iandikwe. Kama husomi, lazima aeleze kwa namna utakayoelewa. Karatasi hizo lazima azitunze miaka mitano baada ya wewe kuondoka. Na mkigombana akashindwa kuzitoa, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini ni wake, si wako.

Angalieni hasa ile sehemu ya "mahali ulipoajiriwa". Watu huiruka. Ukiajiriwa Makete ukaachishwa Mufindi, mwajiri lazima akusafirishe wewe na mizigo yako hadi Makete, au akulipe nauli. Siku unazokaa ukisubiri usafiri huo, lazima akupe pesa ya kujikimu. Lakini kama karatasi inasema uliajiriwa hapahapa, utarudi kwenu kwa mfuko wako. Soma kabla ya kutia dole gumba.

SAA ZA KAZI

Kawaida ya sheria ni siku zisizozidi 6 kwa wiki, saa zisizozidi 45 kwa wiki, na saa 9 kwa siku bila kuhesabu muda wa kula. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, unastahili kupumzika dakika 60. Kati ya kumaliza leo na kuanza kesho ziwepo saa 12, na kila wiki upate saa 24 za mapumziko.

Ovataimu ni kwa makubaliano; haiamrishwi tu kwa filimbi. Isizidi saa 50 ndani ya wiki nne, na kila saa hulipwa mara moja na nusu. Kama saa yako ya kawaida ni shilingi 1,800, saa ya ovataimu ni 2,700. Siku yako ya mapumziko ya wiki au sikukuu ya kitaifa ukikubali kufanya kazi, saa hiyo ni mara mbili, yaani 3,600. Wa kiwandani wanaokesha na mashine: kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Mjamzito haruhusiwi kupangiwa usiku miezi miwili kabla ya kujifungua, au mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Aliyejifungua naye asipangiwe usiku miezi miwili baada ya kujifungua.

MAKATO

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mwezi wa malipo ukifika ndipo kelele zinapoanza.

Mwajiri haruhusiwi kukata chochote kwenye mshahara isipokuwa kinachoagizwa na sheria (kama NSSF na kodi), na mkataba wa pamoja, na amri ya mahakama au uamuzi wa usuluhishi, au deni ambalo wewe mwenyewe umekubali kwa maandishi. "Tulishazungumza" si maandishi.

Umeharibu kitu cha kazi? Anaweza kukata, lakini kwa masharti. Uharibifu uwe umetokea kazini na kwa kosa lako. Lazima kwanza usikilizwe. Jumla isizidi thamani halisi ya hasara, na makato yasizidi robo ya malipo yako. Nitumie mfano: bomba la kupulizia dawa la shilingi 150,000 limevunjika mikononi mwako kwa uzembe, na malipo yako ya mwezi ni 360,000. Robo yake ni 90,000. Basi mwezi wa kwanza asizidishe 90,000, mwezi wa pili 60,000, deni limekwisha. Kukukata 150,000 zote mara moja hakuruhusiwi, hata kama msimamizi amekasirika kiasi gani. Na siku ya malipo lazima upewe karatasi inayoonyesha mshahara na kila kilichokatwa. Iwekeni. Msifungie karanga.

LIKIZO

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo zenye malipo, kwa kila miezi 12 ya kazi. Mwajiri ndiye anayepanga lini, lakini isipite miezi 6 baada ya mwaka huo wa likizo kuisha. Inaweza kufika miezi 12 ikiwa tu wewe umekubali na kazi kweli inahitaji hivyo.

Swali linaloulizwa kila msimu wa baridi, chai inapolala na watu wanarudishwa nyumbani: "Sisi wa msimu tunapata?" Kanuni ni kwamba mwenye utumishi wa chini ya miezi 6 hastahili likizo ya malipo. Lakini sheria imemtaja mfanyakazi wa msimu kuwa anastahili. Pia aliyefanya kazi zaidi ya mara moja ndani ya mwaka kwa mwajiri yuleyule, vipindi vyake vikijumlishwa vikazidi miezi 6, anastahili. Kwa hiyo ukichuma Desemba hadi Machi, ukaenda kupalilia kwako, ukarudi tena, tunza karatasi za vipindi vyote viwili.

Ugonjwa: siku 126 katika kila miezi 36. Siku 63 za mwanzo ni mshahara kamili, 63 zinazofuata ni nusu. Wajibu wako ni kuleta cheti cha daktari. Bila cheti mwajiri halazimiki kulipa, na hapo siwezi kukutetea.

Akina mama: toa taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, pamoja na cheti cha kliniki. Huu ni wajibu wenu, na wengi mnauchelewesha kwa aibu. Likizo ni siku 84 zenye malipo. Mapacha au zaidi ni siku 100. Unaweza kuianza wiki 4 kabla ya kujifungua. Usirudi kazini ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua, labda daktari athibitishe kwa cheti kwamba unaweza. Mtoto akifariki ndani ya mwaka, zipo siku 84 nyingine. Haki ya malipo ni kwa uzazi wa mara nne. Ukirudi, una hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya saa za kazi, na kilo zako zisihesabiwe kana kwamba hukutoka.

Akina baba: siku 3, nazo zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Ikifika siku ya nane, hazipo.

KUACHISHWA, KUACHA, NA SIKU 30

Notisi lazima iwe ya maandishi, itaje sababu na tarehe iliyotolewa. Ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi ni siku 7. Baada ya hapo, anayelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku 4. Anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Mwajiri anaweza kulipa fedha badala ya notisi. Haruhusiwi kukupa notisi ukiwa likizo. Inakubana na wewe pia: ukigoma kufanya kazi kipindi cha notisi, anaweza kukata malipo ya siku hizo kwenye stahili zako.

Kiinua mgongo ni angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili wa kazi mfululizo, mwisho miaka 10. Miaka minne ni siku 28. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati. Cheti cha utumishi lakini unapewa, vyovyote mlivyoachana.

Sasa shikeni hili. Ukiona umeachishwa isivyo haki, una siku 30 kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile mnayoiita CMA. Madai mengine, kama mshahara uliopunjwa, ni siku 60. Zinahesabika siku zote, Jumapili na sikukuu zimo. Barua ikisema umeachishwa 3 Machi, siku ya 30 ni 2 Aprili. Dai la mshahara la tarehe hiyohiyo, mwisho 2 Mei. Na anayelalamikia kuachishwa awe ametimiza miezi 6 kazini; kabla ya hapo mlango huo wa kuachishwa isivyo haki umefungwa.

Nilipokuwa shamba jingine, kabla ya kuja hapa, nilikuwa na mwenzangu wa ngwe moja aliyeachishwa kwa barua ya mistari miwili. Meneja alimwambia, "Subiri, tunalishughulikia." Akasubiri kwa adabu. Tulipofika kwenye Tume ilikuwa siku ya 41. Ikabidi aombe kwanza kuruhusiwa kuchelewa na kueleza kila siku iliyopita, na "niliambiwa nisubiri" haikutosha. Mazungumzo na ofisi hayasimamishi hesabu. Jadilianeni, lakini fomu iwe imekwenda.

Fomu yenyewe ni CMA F.1. Unaijaza, unampa mwajiri nakala kwanza, unahakikisha amesaini kupokea, halafu unapeleka Tume ukiwa na uthibitisho huo. Usuluhishi una siku 30. Ukishindikana, shauri huenda kwenye uamuzi. Asiyeridhika na tuzo ana wiki 6 kuomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iipitie.

WATOTO

Chini ya miaka 14 hafanyi kazi hapa. Si kusaidia kikapu cha mama ili kilo ziongezeke, si "anacheza tu". Anayeajiri mtoto anatenda kosa la jinai.

Nipo ofisi ya tawi, nyuma ya duka la kambi, kila Jumatano kuanzia saa 10 jioni na Jumamosi baada ya mzani wa mwisho. Aliyepewa barua yoyote asisubiri Jumatano. Anigongee nyumbani usiku huohuo, aje na barua yenyewe na karatasi za malipo, na asiwe ameandika kitu juu yake.

Katibu wa Tawi