Mama Nasra: risiti ya 1,000,000/= na ombi la meseji ya 1,350,000/= (Ankara Na. 0147)

Jumanne, 14 Aprili 2026

Mama Nasra, shikamoo.

Habari za Bagamoyo? Poleni na mvua.

Nimepata ujumbe wako wa jana usiku kwamba salio la vitanda umeshalimaliza tangu Ijumaa, kwa mafungu mawili. Asante sana. Fungu la kwanza, shilingi 1,000,000, limeingia benki Ijumaa hiyohiyo tarehe 10 kwa jina lako, na risiti yake ya EFD nimeiambatisha hapa. Ukitaka kuihakiki, skani ule mraba wa chini au ingiza namba ya uhakiki kwenye verify.tra.go.tz. Risiti yenyewe ya karatasi nitaiweka kwenye bahasha pamoja na hati ya kukabidhi mzigo, dereva akupe mkononi. Itunze mbali na jua, maana karatasi zile hufutika maandishi upesi.

Fungu la pili, 1,350,000 kwa Lipa Namba, sijaliona. Nimepitia miamala yote ya Lipa Namba yetu kuanzia Alhamisi hadi leo saa nne asubuhi, nikatazama na benki isije ikawa imepitia huko. Nimetafuta kwa jina lako, kwa namba yako ya simu na kwa kiasi chenyewe. Haimo. Sisemi kwamba hukutuma, mama. Ninachosema ni kwamba kwetu haijafika, na ili tujue imeishia wapi nahitaji vitu vichache kutoka kwako.

Naomba unifowadie meseji ya uthibitisho kutoka mtandao uliotumia, yote kama ilivyo, yenye kumbukumbu namba ya muamala, tarehe, saa na jina la aliyepokea. Ile skrinishoti ya jana imekatwa juu. Inaonyesha kiasi tu, na kwa kiasi peke yake mtandao hawawezi kunisaidia. Kama aliyetuma ni kijana wako, basi meseji iko kwenye simu yake, si yako. Ikiwa imefutwa, aliyetuma aende duka la mtandao wake na kitambulisho aombe taarifa ya miamala ya siku hiyo. Namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata akisema anapiga kutoka kwetu.

Unakumbuka ni jina gani lilitokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri? Letu hutokea jina la karakana, kama lilivyo kwenye ankara. Kama lilitokea jina la mtu, hela imekwenda kwingine, na hapo usingoje jibu langu: pigia huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia sasa hivi uombe muamala urudishwe, kwa sababu aliyepokea akishatoa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu.

Nauliza hivi kwa kuwa zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" bado zinawakuta watu, na anayesubiri kulipa fundi ndiye hunaswa kirahisi. Kama kuna aliyekupa namba nyingine kwa niaba yetu, hata kama alijitaja kuwa fundi au dereva, niambie. Fundi wetu hapokei hela ya mteja, wala dereva.

Sasa mzigo. Najua wageni wako wanaanza kuingia Jumamosi, nami sitaki vyumba vikae tupu kwa sababu ya muamala mmoja. Jumla ya ankara ni 4,850,000. Tarehe 6 Machi ulilipa 2,500,000, na risiti yake unayo. Ukijumlisha na milioni ya Ijumaa ni 3,500,000. Nimeongea na bosi, amekubali Kenta ya Alhamisi asubuhi ipakie vitanda sita vya mkongo na meza zake sita za pembeni, vyote vya 3,150,000. Vitanda viwili vilivyobaki, meza zake mbili na ile meza ya mapokezi vitakaa hapa Keko, vimeshapigwa vanishi, na hatutakutoza hela ya kuvitunza. Meseji ikifika na muamala ukaonekana kabla ya kesho saa kumi jioni, vyote vinane vinapanda gari moja pamoja na meza ya mapokezi, nami nakutumia risiti ya 1,350,000 palepale.

Nijibu hapahapa au kwa WhatsApp ya ofisi. Ukipiga simu niite kabla ya saa sita. Mchana mashine ya randa ikiwashwa hatusikilizani.

Wako,
Juma
Hesabu na mauzo, karakana ya samani, Keko