Nasaha kwa wanafunzi wapya wa darasa letu

Wanafunzi wetu wapendwa, Assalamu alaikum.

Kabla hamjafungua kitabu, tungependa mjue jinsi ya kukaa na mwalimu. Wengi wanaoachia njiani wana akili za kutosha. Kinachowakwamisha ni kuona haya kusema "sijaelewa", na haya hiyo mara nyingi ni kiburi kilichovaa nguo nyingine.

Fika dakika 10 kabla ya somo, na muda huo upitie ukurasa wa jana. Ukichelewa, ingia kimyakimya, kaa nafasi ya karibu, usivuke watu kwenda mbele. Samahani utaiomba somo likiisha, kwa sababu ukiiomba katikati umekata maneno ya mwalimu mara mbili: kwa kuingia na kwa kujieleza. Simu izimwe kabisa. Hata ikilala kifudifudi, jicho litaifuata.

Swali ndilo linaloonyesha adabu ya mtu kuliko salamu zake. Ngoja mwalimu amalize hoja, inua mkono, uliza jambo moja. Usiseme tu "sijaelewa", maana mwalimu hatajua aanzie wapi. Sema umefika wapi: "Mwalimu, mfano wa kwanza nimeufuata mpaka mstari wa tatu, hapo nikapotea." Swali la namna hiyo hujibiwa kwa dakika mbili. Lipo pia swali la mtu anayelijua jibu, anauliza ili wenzake wamwone. Walimu hulitambua haraka, na linakula muda wa yule aliyekwama kweli. Tunakuombeni sana mliache.

Mahali pagumu zaidi ni pale unaposahihishwa mbele ya wenzako. Tuseme unasoma, umefika kwenye neno "qalb", moyo, nawe kwa haraka ukatamka "kalb", ambalo ni mbwa. Mwalimu anakusimamisha. Usitoe udhuru, usiseme "ndivyo nilivyokusudia". Rudia taratibu: qafu hutoka mwisho wa ulimi, karibu na koo, na kafu hutoka mbele yake kidogo. Rudia mara tatu mpaka mwalimu aridhike, kisha sema "ahsante mwalimu" na uendelee. Jioni, liandike kosa hilo kando ya daftari kwa wino wa rangi nyingine, usilifute. Baada ya mwezi, rangi ile itakuonyesha makosa yanayojirudia, na hayo ndiyo ya kumpelekea mwalimu.

Je, mwalimu akikosea? Hukosea, naye ni binadamu. Ikiwa kosa ni la kuteleza tu, kama tarakimu iliyogeuka ubaoni, inua mkono useme, "Mwalimu, hapo ni 36 au 63?" Ikiwa ni suala la elimu yenyewe, subiri somo liishe, mfuate na kitabu kikiwa wazi kwenye ukurasa huo, umwombe akueleze tofauti. Huenda akarekebisha, huenda akakuonyesha sharti ulilolipita bila kuliona. Kumsahihisha kwa sauti mbele ya darasa zima, au kulitangaza kosa lake kwenye kundi la simu, humvunjia heshima bila kumwongezea mtu elimu.

Hapa tusieleweke vibaya. Heshima si kukubali kila kitu, wala si kunyamazia uonevu. Mwalimu akikudhuru au akikutaka jambo la aibu, toka hapo, mwambie mzazi au mkuu wa madrasa siku hiyohiyo. Hilo si utovu wa adabu hata kidogo.

Nje ya darasa, usimpigie mwalimu usiku kwa swali linaloweza kungoja asubuhi. Abdallah bin Abbas, binamu yake Mtume, husimuliwa kwamba alikuwa akienda kutafuta hadithi kwa swahaba, akimkuta amelala mchana hukaa mlangoni upepo ukimrushia vumbi, asibishe hodi. Mwalimu aliye mdogo kwako kwa umri ana haki hiyohiyo. Usimwite "kijana" ukiwa darasani, na ulichosikia kwa mwalimu mwingine usikitumie kumpima.

Jambo la mwisho ni neno "sijui". Imamu Malik bin Anas wa Madina, aliyefariki mwaka 795, imepokewa kuwa aliulizwa maswali 48, na 32 kati yake akajibu kwamba hajui. Basi mwenzako akikuuliza usilolijua, mjibu hivyohivyo, kisha mwende pamoja kwa mwalimu. Ukibahatisha, yeye atalihifadhi bahatisho lako kama somo, naye atamfundisha mwingine.

Somo la kwanza ni Jumamosi, saa mbili asubuhi. Njooni na daftari, kalamu za rangi mbili, na swali moja lililoandikwa tayari.