Barua ya shukrani kwa Salma

Kurasini, Dar es Salaam
9 Machi 2025

Mpendwa Salma,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba funga inakwenda vizuri. Mimi sijambo, na tangu Jumatatu nimeanza kazi ya ukarani wa nyaraka katika ile ofisi ya uwakala wa forodha uliyonitajia mwezi Januari.

Nakuandikia kukushukuru, na napenda nitaje hasa ninachokushukuru, maana "asante kwa yote" hata mtu asiyejua kilichotendeka anaweza kuisema. Ulipopata habari kwamba wanatafuta mtu, ulinitumia tangazo usiku uleule, ukanidokeza kwamba mkuu wa idara hujali zaidi namna mtu anavyosoma hati ya shehena kuliko wingi wa vyeti vyake, kisha ukampa jina langu bila kunipamba. Siku ya usaili aliniambia mwenyewe, "Salma anasema kazi unaijua, lakini tutakupima wenyewe." Maneno hayo yalinituliza kuliko sifa yoyote. Walinipa ankara, orodha ya vifungashio na hati ya shehena ya kontena moja la vipuri vya magari, wakanitaka nioneshe zinapopishana. Nikaona kwamba uzito ulioandikwa kwenye orodha haukuwa ule wa kwenye hati, na mazungumzo yakaanzia hapo.

Sasa nashinda kwenye mfumo wa kompyuta wa TANCIS nikiandaa matamko ya forodha, na mara nyingine napelekwa bandari kavu kushuhudia ukaguzi wa mzigo, kazi yenye jua na vumbi jingi ambayo, nakiri, naifurahia kuliko kukaa mezani.

Bado nimo katika muda wa majaribio. Ikitokea wasiridhike nami, au mimi nisiridhike nao, jambo hilo litakuwa kati yangu na wao. Usijihesabu kuwa umenidhamini, wala usione haya kupita ofisini kwao kwa shughuli zako. Nilifikiria kukuletea kitenge wiki hii, nikaghairi, kwa kuwa kingefika kikiwa na sura ya malipo, na wewe hukuniuzia kitu. Kitenge utakipata Idi, kama tulivyozoea, na mimi nasubiri visheti vyangu.

Jumamosi nitakuwa Temeke kumwona mama, na nikitoka kwake ningependa nije tufuturu pamoja, kama hamna wageni wengine. Tangu Januari mazungumzo yetu yamekuwa ya kazi yangu tu, na sijasikia habari za cherehani mpya wala za yule mteja wa sare za shule aliyekuwa akikuzungusha. Nataka kujua kama amekwishalipa.

Nisalimie wote nyumbani.

Nduguyo,
Mwanaidi