Barua ya kupinga adhabu ya pawa fakta kwenye ankara ya Septemba 2025

Kiwanda cha Kukamua Alizeti,
Singida.
9 Oktoba 2025

Meneja wa Mkoa,
Shirika la Umeme,
Singida.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPINGA ADHABU YA PAWA FAKTA YA SH 2,146,300

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Ankara yetu ya Septemba ni Sh 15,874,200, na ndani yake mmetutoza adhabu kwa maelezo kwamba pawa fakta yetu ilikuwa 0.71, chini ya 0.90 iliyomo kwenye mkataba. Naipinga adhabu hiyo yote. Fedha isiyo na ubishi, Sh 13,727,900, nimeshailipa jana na risiti nimeiambatisha.

Naomba kwanza uitazame ankara yenyewe. Inaonyesha mahitaji ya juu ya mwezi kuwa kW 194 na kVA 208. Ukigawa 194 kwa 208 unapata 0.93, na hiyo ndiyo saa tuliyokuwa na mzigo mkubwa kuliko zote, vikamulio na mota za kinu zikizunguka pamoja. Kwa pawa fakta ya 0.71, kW hizo 194 zingesomeka kVA 273. Takwimu hizi mbili zimechapwa kwenye karatasi moja na haziwezi kukaa pamoja bila maelezo.

Maelezo nadhani tumeyapata. Jioni ya tarehe 30 Agosti mafundi wenu walitubadilishia mita, wakafunga mpya ikianzia sifuri. Jioni ya tarehe 30 Septemba fundi wetu wa umeme alisimama mbele yake pamoja na msoma mita wenu, wakapitia kurasa za kioo moja baada ya nyingine na kupiga picha. Baada ya kuzidisha kwa kizidishio cha mita, zilisomeka hivi:

```
1.8.0   41,600 kWh
3.8.0   15,080 kVArh
4.8.0   26,180 kVArh
```

Ankara imeandika kVArh 41,260. Hiyo ni jumla kamili ya 3.8.0 na 4.8.0, bila kupungua wala kuzidi hata moja. Rejista ya 3.8.0 ni kVArh tunazovuta kutoka kwenye laini yenu. Ile ya 4.8.0 ni zile ambazo kapasita zetu zinazirudisha. Vitu viwili vinavyokwenda pande tofauti vimejumlishwa kana kwamba vyote ni deni letu. Kanuni ni ile ile mnayoitumia ninyi:

```
cos φ = kWh / √(kWh² + kVArh²)
```

Mkiweka 41,260 mtapata 0.71. Mkiweka 15,080, ambazo ndizo mkataba unazitaja kwa maneno "zinazovutwa kutoka kwenye njia ya umeme", mtapata 0.94. Mita ya zamani haikuwa ikirekodi zinazorudi, ndiyo maana ankara zetu za mwaka huu hadi Agosti zilikuwa kati ya 0.93 na 0.95. Kiwandani hapakubadilika kitu: mota ni zile zile, zamu ni ile ile ya saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi.

Hizo 26,180 zinatoka wapi? Tuna kapasita za kudumu za kVAr 60, zilizofungwa mwaka 2021 kwa ushauri wa wahandisi wenu na kukaguliwa nao. Usiku na Jumapili mota zimezimwa, kapasita zinabaki hewani. Nafahamu kwamba laini ikiwa na mzigo mdogo hali hiyo hupandisha volti, na kama inawaletea shida niko tayari kufunga kontakta yenye saa ya kuzikata jioni. Niandikieni tu. Lakini hilo ni jambo la kiufundi la kurekebisha kwa pamoja, halina kifungu cha adhabu kwenye mkataba wetu.

Fedha hii si ndogo kwetu. Huu ni msimu wa kununua mbegu, wakulima wa Ikungi na Mkalama wanafika getini na magunia wakitaka kulipwa papo hapo. Kila shilingi iliyokaa kwenye adhabu isiyo halali ni gunia ambalo limerudishwa nyumbani au limeuzwa kwa dalali kwa bei ya kutupa. Hilo linaniuma kuliko ankara yenyewe.

Kwa hiyo naomba adhabu ifutwe na ankara itolewe upya kwa kutumia 3.8.0 peke yake. Naomba pia mfumo wenu wa ankara urekebishwe kabla ya usomaji wa Oktoba, na umeme usikatwe kwa ajili ya kiasi hiki wakati shauri linaendelea. Mkitaka kuipima mita, njooni siku yoyote ya kazi, fundi wetu awepo. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 nitalipeleka lalamiko hili EWURA.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Zuhura Athumani
Mmiliki

Viambatisho: ankara ya Septemba, picha za mita, risiti ya malipo, nakala ya mkataba, hati ya ukaguzi wa kapasita ya 2021.